Tangazo la intaneti ofisini: marufuku imelenga panapoonekana

"Kwa wafanyakazi wote: kuanzia Jumatatu, ni marufuku kupakua faili linalozidi MB 500 au kutazama video mtandaoni kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 10:30 jioni. Mwenye uhitaji wa kikazi aombe kibali kwa meneja wa ofisi. Intaneti imekuwa nzito na wateja wanalalamika."

Meneja ana hoja. Tuchukue ofisi ya watu 20 yenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na 5 za kupakia. Video ya 1080p hula kama megabiti 5, kwa hiyo watazamaji wanne tu wanaimaliza laini. Na kama ofisi inatumia ruta ya laini ya simu yenye bando la GB, marufuku ina nguvu zaidi: saa moja ya video hiyo ni zaidi ya GB 2, wakati saa ile ile kwa 480p haifiki hata GB 1.

Ila kwenye laini isiyo na kikomo cha GB, ukubwa wa faili si kipimo kizuri. Kinachoumiza wenzako ni kasi unayochukua kwa wakati mmoja. Megabiti 20 ni sawa na MB 2.5 kwa sekunde, hivyo faili la GB 5 likiachiwa laini yote huchukua kama dakika 33, na dakika hizo wengine wanateseka. Faili hilo hilo likibanwa megabiti 2 litachukua saa tano na nusu, na hakuna atakayeligundua. Tangazo linamkamata wa pili sawa na wa kwanza.

Kasoro kubwa zaidi iko upande wa kupakia, ambao tangazo halikuugusa kabisa. Simu ya mfanyakazi ikiingia kwenye waifai ya ofisi, huanza kuhifadhi picha na video mtandaoni bila yeye kubonyeza chochote. GB 2 zikipita kwenye megabiti 5 zinaziba njia kwa dakika 53 hivi. Njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua kunadorora, kwa sababu kila data inayoingia inahitaji kijibu kidogo cha "nimepokea" kirudi, na kijibu hicho kimekwama kwenye foleni. Watu wanamlaumu anayetazama mpira. Mkosaji ni simu iliyolala mfukoni.

Kabla ya kumlaumu yeyote, intaneti ikiwa nzito fungua madirisha mawili ya Command Prompt kwenye kompyuta ya Windows inayotumia waifai:

```
ping -t 192.168.88.1
ping -t 8.8.8.8
```

Anwani ya kwanza ni ya ruta (weka ya kwenu), ya pili iko nje. Ruta ikijibu kwa milisekunde chache huku ya nje ikipanda kutoka makumi hadi mamia, mara nyingi laini imejaa. Ruta yenyewe ikichelewa, tatizo mara nyingi ni waifai: ukuta, umbali au chaneli iliyosongamana. Hapo marufuku ya video haitasaidia sana.

Laini ikiwa ndiyo imejaa, ruta inaweza kugawa kasi sawa kwa kila kifaa. Kwenye ruta za MikroTik, kasi ya kupakia huandikwa kabla ya ya kupakua:

```
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
/queue simple add name=ofisi target=192.168.88.0/24 max-limit=4500k/18M queue=pcq-upload-default/pcq-download-default
```

Mstari wa kwanza ndio wengi husahau: data inayopitia fasttrack, njia ya mkato ya ruta hiyo, huikwepa foleni, na fundi hubaki akishangaa mbona mgao haufanyi kazi. Kikomo kimewekwa chini kidogo ya kasi ya laini ili foleni ikae kwenye ruta yenu, si kwa mtoa huduma ambako hamna mamlaka.

Hapa nampa meneja haki yake tena: mgao hauzalishi megabiti. Vifaa 20 vikifanya kazi kwa pamoja, kila kimoja kinapata chini ya megabiti 1, na mkutano wa video utakwaruza. Saa hizo kanuni ya kibinadamu bado inahitajika. Lakini kibali cha kila faili kitamchosha yeye mwenyewe ndani ya wiki, na kwa kuwa ruta huona jina la tovuti tu, haitamwambia kama video ni somo la uhasibu au tamthilia.

Ningeliandika tangazo hivi: "Hifadhi ya picha na video kwenye simu izimwe mkiwa kwenye waifai ya ofisi. Video za kazi zitazamwe kwa 480p. Faili la zaidi ya GB 1 lianze kupakuliwa baada ya saa 10:30 jioni. La dharura, mwambie fundi alibane megabiti 2." Redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 ningeiacha iimbe.