Kamera nzuri iifuate simu

"Kaka, kamera ya bei mbaya mmenunua ya nini, kama unaishusha ifanane na simu?"

Huulizwa hivyo nikihariri video ya harusi yenye klipu za kamera na za simu, nikisawazisha rangi zake. Si swali la kubeza. Mwenye harusi kalipia picha safi, na klipu ya simu ikitokea sekunde tatu tu katika filamu ya nusu saa, irekebishwe hiyo ya simu kadiri itakavyokubali, basi. Kazi huja pale klipu mbili zinapopokezana katika tukio moja.

Ndoa moja niliyoihariri ilifungwa msikitini, Wete. Kamera ilikaa mbele, ikirekodi logi ya biti 10, yaani picha iliyofifia makusudi ili ibaki na nafasi ya kurekebishwa. Simu ya shemeji ilikuwa ubavuni, biti 8, dirisha upande mmoja na taa ya mrija juu yake. Kwenye simu kanzu ya bwana harusi iliungua kwa mwanga. Katika Waveform, grafu ya mwanga ya programu ya kuhariri DaVinci Resolve, inaonekana wazi: juu kabisa pana mstari umelala bapa, kama umekatwa kwa rula. Mikunjo ya kanzu haimo tena mle, na ukishusha Gain, kirekebishi cha sehemu zenye mwanga mkali, unapata kijivu kitupu. Halafu biti 8 ni ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati biti 10 ni 1,024. Simu ukiivuta sana, ukuta uliokuwa laini unatoka michirizi. Kamera ina pa kwenda. Simu haina.

Basi simu naigusa kidogo, kisha ndiyo inakuwa kipimo. Nasimamisha fremu mbili za mtu yule yule, nasawazisha mwanga wa uso kwanza, rangi baadaye, maana mwanga ukipishana hata rangi iliyo sawa utaiona imekosea.

Na kwenye rangi ndipo wengi wanapoteleza: wanabofya ile kanzu iliyoungua ili programu isawazishe rangi kwayo, ati ndiyo nyeupe. Pale nyekundu, kijani na buluu zote zimegonga dari, kwa hiyo zinaonekana sawa hata kama uso wa mtu umeiva ukijani. Mimi nilitafuta mkunjo wa chini ya mkono, penye kivuli. Parade, grafu inayozitenga rangi hizo tatu, ikasema kweli: kijani kimesimama juu ya wenziwe, ile taa ya mrija hiyo. Nikakipunguza nusu tu, kwa sababu shavu la upande wa dirishani lingegeuka zambarau. Nusu iliyobaki nikaitia kwenye kamera.

Mwisho uso. Nauzungushia duara, naangalia Vectorscope, grafu ya rangi bila mwanga: vidoto vilale karibu na mstari wa ngozi. Mweupe au mweusi, mstari ni ule ule. Kinachotofautiana zaidi ni mwanga.

Palipobaki ni pale shemeji alipogeukia mlangoni na simu ikajibadilishia rangi yenyewe katikati ya klipu. Kipande hicho sikukifuata. Nilikikata, nikaweka sura ya mzee anayeitikia dua, kutoka kamera ya mbele.