Asilimia 30 ya nini? Bei ya sweta za shule mjini Moshi

Mfanyabiashara wa Moshi anayenunua sweta za shule Kariakoo, zikamfikia dukani kwa shilingi 7,000 kila moja pamoja na nauli ya mzigo, amepiga hesabu kwamba kodi ya fremu, mshahara wa muuzaji na umeme vitamgharimu 2,500,000 kwa msimu wa kufungua shule. Anatarajia kuuza sweta 1,000 kwa jumla ya 10,000,000, hivyo anahitaji faida ghafi ya asilimia 30 ili abakiwe na 500,000. Mpango huo ni sahihi. Kosa huingia anapopanga bei, kwa sababu huchukua asilimia 30 ya 7,000, akaongeza 2,100 na kuuza kwa 9,100.

Faida ghafi hupimwa kwa bei ya kuuzia, ilhali nyongeza hupimwa kwa bei ya kununulia. Shilingi 2,100 ni asilimia 30 ya mtaji wa sweta, lakini ni takriban asilimia 23 tu ya 9,100. Akiuza sweta zote 1,000 atapata faida ghafi ya 2,100,000, na baada ya matumizi atakuwa amepata hasara ya 400,000 hali duka lilijaa wateja. Bei aliyoihitaji ni 7,000 kugawanywa kwa 0.70, yaani 10,000.

Wanaotetea nyongeza wana hoja ya kweli. Bei ya kununulia inajulikana tangu mzigo unapofunguliwa, hesabu yake ni nyepesi, na mteja anapoomba apunguziwe, muuzaji anajua papo hapo mwisho wake ni wapi. Sioni sababu ya kuwanyima njia hiyo, mradi wajue kwamba faida ghafi ya asilimia 30 hudai nyongeza ya karibu asilimia 43.

Hoja nzito zaidi ni kwamba jirani anauza kwa 9,500, na bei ya 10,000 itafukuza wateja. Hapo kanuni haiwezi kuamua peke yake, kwa kuwa soko ndilo linaloweka kikomo. Hata hivyo, woga huo mara nyingi hupita kiasi: kwa bei ya 10,000, sweta 700 tu huleta faida ghafi ileile ya 2,100,000 inayoletwa na sweta 1,000 kwa 9,100. Akipoteza wateja zaidi ya 300, bei ya juu itakuwa imemuumiza. Wakipungua chini ya hapo, imemsaidia.

Kinachonisikitisha ni jinsi kosa hili linavyofichika. Mwisho wa msimu, mwenye duka hutoa gharama ya bidhaa zilizouzwa kwenye mauzo, akagawanya kwa mauzo, akakuta asilimia 23 mahali alipotegemea 30, na mtu wa kwanza kushukiwa ni muuzaji. Kabla ya kumtuhumu kijana wa watu, achukue lebo moja ya bei: ikiwa sweta iliyouzwa bila punguzo tayari inatoa asilimia 23, pengo lilikuwapo tangu bei ilipoandikwa.