Mpango uliosajiliwa na tasnifu iliyoandikwa: mabadiliko yaelezwe vipi

Mwanafunzi wa uzamili ambaye pendekezo lake limeshapita idarani, kisha likapita kamati ya maadili, ana haki ya kuhoji kwa nini asajili mpango uleule kwa mara nyingine kwenye hifadhi ya wazi ya mtandaoni kama OSF. Muda wake ni mfupi, na watu wawili au watatu wameshamsoma. Hoja hii haipaswi kupuuzwa.

Udhaifu wake ni kwamba pendekezo lililopita idarani hubaki kwenye jalada ambalo msomaji wa tasnifu hatalifungua. Isitoshe, kamati ya maadili hukagua usalama na ridhaa ya washiriki kuliko inavyokagua uchanganuzi, hivyo pendekezo linaweza kupita likisema tu kwamba "shinikizo la damu litapimwa", bila kueleza litapimwa mara ngapi, kipimo kipi kitatumika, wala mpaka wa "limedhibitiwa" ni upi. Hapo ndipo mtafiti hujikuta na uhuru ambao hata yeye hauoni. Usajili wa OSF hupigwa tarehe, na ukishakamilika hauwezi kufutwa na kuandikwa upya kimyakimya.

Ushahidi kwamba usajili hubadilisha matokeo upo, ingawa una mipaka. Mwaka 2015 Robert Kaplan na Veronica Irvin walilinganisha majaribio makubwa yaliyofadhiliwa na taasisi ya taifa ya moyo, mapafu na damu ya Marekani. Kabla ya mwaka 2000, majaribio 17 kati ya 30 yalionyesha kwamba tiba ilileta nafuu katika tokeo kuu. Baada ya mwaka huo, ambapo kutangaza tokeo kuu mapema kulikuwa kumeanza kuwa sharti, yalikuwa 2 kati ya 25. Anayepinga atasema kwamba mambo mengine pia yalibadilika katika miaka hiyo, na ni kweli. Ulinganisho wa kabla na baada hauthibitishi chanzo.

Silaha kali zaidi ya anayepinga inatoka kwa watu wanaounga mkono usajili. Timu ya COMPare ya Oxford, chini ya Ben Goldacre, ilichukua majaribio 67 yaliyochapishwa katika majarida makubwa matano ya tiba na kuyaweka kando ya mipango yake. Majaribio 9 tu ndiyo yaliyoripotiwa bila kasoro. Matokeo 354 yaliyoahidiwa hayakuripotiwa, na mengine mapya 357 yaliongezwa bila maelezo. Kwa hiyo kusajili peke yake hakumzuii mtu kubadili njia. Faida inapatikana pale mwandishi anapoweka mpango na kilichofanyika bega kwa bega, kwa mkono wake, ndani ya tasnifu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Mwanafunzi anataka kujua kama wagonjwa wa shinikizo la damu wenye bima wanadhibitiwa vizuri zaidi kuliko wanaolipa taslimu, katika kliniki ya hospitali ya mkoa. Anasajili mambo machache, lakini kwa ukamilifu. Tokeo kuu ni kuwa na shinikizo chini ya 140/90. Kila mgonjwa atapimwa mara tatu baada ya kukaa kimya dakika tano, na wastani wa kipimo cha pili na cha tatu ndio utakaotumika. Anatarajia asilimia 50 ya wenye bima wawe wamedhibitiwa dhidi ya asilimia 35 ya wengine. Ili awe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli, yaani nguvu ya utafiti, anahitaji watu 167 kila upande. Akiongeza kwa ajili ya asilimia 10 ambao takwimu zao hazitakamilika, wanakuwa 186, jumla 372. Kwenye fomu ya OSF, sehemu inayouliza kama takwimu tayari zipo, anajibu kwamba hazijakusanywa. Jibu hilo lina uzito wake, kwa sababu mpango uliosajiliwa baada ya takwimu kuonekana hauna kinga yoyote, hata ukiwa na tarehe. Kama anaogopa wazo lake kuchukuliwa, anaweza kuufunga usajili usionekane kwa muda usiozidi miaka minne.

Kisha kazi inaanza, na mpango unakutana na foleni.

Badiliko la kwanza ni la idadi. Muhula unaisha akiwa na wagonjwa 300, yaani 150 kila upande. Hili halina aibu, mradi aseme mambo mawili: kwamba nguvu ya utafiti imeshuka hadi takriban asilimia 76, na kwamba aliacha kukusanya kwa sababu ya kalenda. Sababu hiyo ina maana kubwa kuliko idadi yenyewe. Anayesimama kwa sababu muda umekwisha hajayachagua matokeo yake, ila anayechungulia takwimu kila wiki na kusimama pale thamani ya p inaposhuka chini ya 0.05 ameyachagua, hata kama wote wawili wamesimama kwenye mtu wa 300.

La pili ni la kipimo. Katika wiki za mwanzo wauguzi walizidiwa, na wagonjwa 60 walipimwa mara mbili tu. Kwa hao wastani wa kipimo cha pili na cha tatu haupatikani, hivyo anatumia kipimo cha pili peke yake. Wengi huandika sentensi moja hapa na kuendelea, nayo haitoshi. Shinikizo kwa kawaida hushuka kadiri mtu anavyopimwa tena, kwa hiyo kipimo cha pili huelekea kuwa juu kidogo ya wastani ule. Sasa swali ni hao 60 walikuwa akina nani. Tuseme 41 walikuwa wa taslimu na 19 wa bima: basi badiliko hili linalifanya kundi la taslimu lionekane baya kuliko lilivyo, na kuipanua tofauti anayoitafuta. Lazima aandike mwelekeo huo, halafu arudie hesabu bila wale 60. Kwa wote 300, waliodhibitiwa ni 66 kati ya 150 wenye bima, sawa na asilimia 44, na 54 kati ya 150 wa taslimu, sawa na asilimia 36. Bila wale 60 ni 58 kati ya 131, na 41 kati ya 109. Tofauti imetoka pointi 8 hadi karibu 7. Msomaji anajionea mwenyewe kwamba kasoro ipo na haikupindua jibu.

La tatu ndilo gumu. Tofauti ile ya pointi 8 ina thamani ya p ya 0.16, na kwa uhakika wa asilimia 95 tofauti halisi inaweza kuwa popote kati ya pointi 3 kuelekea upande wa taslimu na pointi 19 kuelekea upande wa bima. Mwanafunzi anajaribu mpaka wa 130/80. Wenye bima wanakuwa 36 kati ya 150, wa taslimu 21 kati ya 150, na thamani ya p inakuwa 0.03. Utetezi nao uko tayari: mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 ulishusha mpaka hadi 130/80. Msimamizi anaweza kuukubali kwa nia njema kabisa, maana kisayansi mpaka huo unatetewa.

Tatizo ni kwamba mwongozo huo ulikuwapo siku ya kusajili, na haukuchaguliwa. Ulichaguliwa baada ya mpaka wa kwanza kushindwa, na hapo 0.03 haina tena maana yake ya kawaida, kwa kuwa mtu angeendelea na mpaka wa tatu na wa nne hadi mmoja uitikie. Hesabu ya 130/80 inaweza kubaki ndani ya tasnifu, lakini ikae chini ya kichwa kinachosema ni uchanganuzi wa uchunguzi usiopangwa, ifuate baada ya tokeo la 140/90, na muhtasari uanze na lile lililosajiliwa.

Ndiyo maana kila badiliko linahitaji maelezo manne: mpango ulisema nini, kilifanyika nini na kwa nini, mtafiti alikuwa ameona nini katika takwimu wakati wa kubadili, na badiliko linasukuma jibu upande gani. Maelezo ya tatu, ya alichokuwa ameona, ndiyo yanayoachwa mara nyingi. Mahali pa yote manne ni mwishoni mwa sura ya mbinu, katika jedwali fupi linaloanza na kiungo cha usajili na tarehe yake. Wanaofanya mapitio ya kimfumo tayari wana sharti kama hili: kipengele cha 24c cha PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio hayo, kinadai mabadiliko kutoka kwenye usajili au mpango yaelezwe. Jedwali lijazwe siku badiliko linapotokea. Likisubiri hadi wiki ya kuandika, kumbukumbu huwa imeshazoea matokeo. Na badiliko linalomgusa mshiriki, kama kuongeza swali kwenye dodoso au kuhamia kituo kingine, linahitaji pia idhini ya kamati ya maadili kabla halijaanza; kuliweka kwenye jedwali hakuchukui nafasi ya idhini hiyo.

Upande wa pili bado una mambo ya kusikilizwa. Utafiti wa mahojiano ya kina, ambao maswali yake yanakua kadiri watu wanavyozungumza, haufaidiki na mpango uliofungwa kwa kina namna hii. Unaweza kusajili kusudi na namna ya kuwachagua washiriki, ukaishia hapo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa takwimu za aina yake naye akisajili kurasa kumi za uchanganuzi atakuwa na mabadiliko thelathini, na matatu ya maana yatazama humo. Ukurasa mmoja na nusu wenye tokeo kuu, kipimo, idadi, sababu za kumwondoa mtu na hesabu moja kuu unatosha.

Hofu iliyo kubwa kuliko zote ni ya watahini. Aliyekiri mabadiliko matatu anaweza kusumbuliwa mbele ya jopo, huku jirani yake aliyenyamaza akipita bila swali. Hofu hiyo ina msingi, na si haki kumtwisha mwanafunzi peke yake. Mtahini anao uwezo wa kuiondoa kwa kazi ya dakika ishirini: afungue usajili, asome tokeo kuu lililoandikwa huko, kisha alitafute katika jedwali la kwanza la matokeo. Akilikuta limebadilika bila maelezo, hapo ndipo pa kukata alama. Akikuta limebadilika na limeelezwa, maswali yake yaelekee kwenye sababu na mwelekeo wa badiliko, na alama za sura ya mbinu zibaki zilipo.