Kura za poka ya makadirio: ziandikwe kwenye tiketi au ziishie mezani?

Katika poka ya makadirio, kila mwanatimu huweka karata yenye pointi za ukubwa wa kazi, katika mfululizo wa 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea, na kura zikitofautiana hujadiliana na kupiga tena. Timu nyingi zinazokadiria hivyo huingiza kitu kimoja tu kwenye mfumo wa kufuatilia kazi: pointi za mwisho. Kura za mzunguko wa kwanza hupotea kikao kikiisha. Hata historia ya tiketi, yaani kumbukumbu ya kazi moja katika mfumo kama Jira, haisaidii, kwa kuwa huonyesha tu mabadiliko ya yale yaliyoingizwa kwenye sehemu zake, na kura zile hazikuwahi kuingizwa humo.

Chukua tiketi isemayo: "Mtumiaji aweze kubadili barua pepe ya akaunti yake." Karata zinafunuliwa: 2, 3, 3 na 13. Walioweka karata ndogo wanaona fomu moja na safu moja ya hifadhidata. Aliyeweka 13 ni mjaribu wa programu, na anajua kwamba kazi inayoendeshwa kila usiku huoanisha ankara na wateja kwa barua pepe, si kwa namba ya mtumiaji. Mteja akibadili anwani, ankara zake za zamani zinabaki bila mwenyewe. Timu inaamua kufungua tiketi nyingine ya kurekebisha uoanishaji huo kwanza, kisha inapiga kura upya kwa kazi iliyobaki, ambayo bado inahitaji kuthibitisha anwani mpya kabla ya kuifuta ya zamani. Wote wanaweka 5.

Sasa tazama hesabu. Wastani wa kura za kwanza ni 5.25, na karata iliyo karibu nao ni 5. Timu ambayo ingekwepa mjadala na kuchukua wastani ingeandika namba ileile, huku tiketi yake ikiwa na ankara zilizotelekezwa ndani. Kwa macho ya anayesoma sehemu ya pointi, tiketi hizo mbili ni sawa kabisa. Baadaye mtu akiona tiketi ya ankara haina haraka na kuisogeza nyuma, hakuna kitakachomwonya.

Hoja ya kuandika ni nzito, basi, lakini wanaopinga nao hawasemi ovyo. Karata hufunuliwa kwa pamoja ili mtu asifuate namba ya mwenzake. Ukiandika kura pamoja na majina, unarudisha shinikizo lilelile kwa mlango wa nyuma: mtu aliyewahi kuonekana na 13 peke yake, tena kwenye ukurasa ambao meneja anausoma, kikao kijacho ataweka 5 ili asisumbuliwe. Tatizo la pili hutokea tiketi ya zamani inapokadiriwa upya. Namba za awali zikiwa juu ya skrini, kura mpya zitazizunguka hizo tu.

Tunaona kosa liko katika kuchanganya vitu viwili, kura na sababu. Kura ziwekwe kwenye maoni ya tiketi, bila majina. Sababu iende kwenye maelezo ya kazi au masharti ya kuikubali, mahali ambapo atakayeifanya hawezi kuikosa. Maoni ya mfano wetu yangekuwa hivi:

```
Mzunguko 1: 2, 3, 3, 13
Kilichotofautisha: ankara huoanishwa kwa barua pepe
Uamuzi: tiketi ya uoanishaji itangulie
Mzunguko 2: 5, 5, 5, 5
```

Mstari wa pili uandikwe na yule ambaye karata yake ilikuwa mbali na za wengine. Mwendesha kikao akiuandika, mara nyingi hutoka "tulijadili tukakubaliana", maneno yasiyomfaa yeyote. Sentensi nzuri hutaja kitu kinachoweza kukaguliwa, iwe ndani ya msimbo au kwa kumuuliza mteja.

Si kila tiketi inastahili kazi hii. Kura za 3 na 5 ni karata jirani, ziache. Kati ya ndogo na kubwa kukirukwa karata, kama 3 na 8, andika na uweke lebo, ili baada ya miezi mitatu uzitafute zote zilizofungwa katika muda huo:

```
labels = kadirio-pana AND resolved >= -90d
```

Ukizisoma pamoja huenda ukakuta sababu moja inajirudia, kwa mfano baadhi wamehesabu muda wa majaribio na wengine hawakuuhesabu. Huo si ugunduzi kuhusu tiketi yoyote. Ni timu ambayo haijakubaliana kazi iliyokamilika maana yake nini, na dawa ni kukubaliana mara moja badala ya kujaza maoni.

Kumbukumbu hizi zina upofu mmoja usiotibika kwa lebo. Watu wanne wanaweza kuweka 5 kwa mawazo manne tofauti, na kwa kuwa karata zimefanana hakuna anayeulizwa. Kwenye tiketi ya namna hiyo hakutakuwa na maoni wala lebo, na utafutaji hautaileta.