Huna wazo la biashara? Muulize fundi nguo ya mwisho ilichelewa kwa nini

Nina marafiki kadhaa hapa Nairobi wenye akiba kidogo na nguvu za kutosha, na wote hulalamikia jambo moja: wazo la biashara hawana. Basi wanakaa, wanangoja lije. Mimi naamini asiye na wazo ndiye anayefaa zaidi kwenda kuhoji watu, kwa sababu hana chake cha kutetea. Mwenye wazo huuliza ili asifiwe, na Wakenya ni watu wa heshima, watamsifu. Lakini nafasi hiyo nzuri unaipoteza dakika ile ile unapofungua mdomo na kuuliza, "Unahitaji nini?"

Nami nilianza na swali hilo hilo. Nilikuwa nimechagua mafundi cherehani wa Kawangware 46, wale wenye vibanda vya mabati kando ya barabara, na watatu wa kwanza walinijibu kama waliokubaliana tangu jana: mtaji, cherehani mpya, na kanjo waache kutusumbua. Yote ni kweli. Ila ndiyo majibu anayopewa yeyote anayefika na kalamu na daftari, kwa kuwa wanaofika hivyo mara nyingi ni watu wa mikopo, wa miradi au wa kaunti. Fundi anakutazama, anakisia umebeba nini, kisha anaomba hicho alichokisia. Ukiandika "mtaji" mara kumi na mbili utakuwa umejifunza jinsi unavyoonekana machoni pa watu, na kuhusu kazi yao hujajua lolote.

Nikabadilisha mambo mawili. Kwanza, namna ya kujitambulisha. Daftari nililiacha mfukoni, nikabeba suruali ya kupunguzwa urefu. Nilikuwa nasema wazi: mimi si wa benki, si wa kaunti, sina mradi, nataka kuielewa kazi hii, nipe robo saa huku ukishona. Nilikwenda saa nne asubuhi siku za katikati ya wiki, maana Jumamosi fundi ana wateja mlangoni, na mwanzoni mwa Januari sare za shule humaliza pumzi ya kila mtu. Pili, nikaacha kuuliza maoni, nikauliza tukio. Mbinu hii si yangu. Mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan aliiandika mwaka 1954, baada ya kazi aliyoifanya na marubani wa kijeshi wakati wa vita: usimuulize mtu rubani mzuri awe vipi, muulize alichokiona kikitokea siku fulani, mahali fulani. Mtu akitoa maoni anakupa anachodhani unataka. Akisimulia siku moja, maelezo yanajileta yenyewe, na mengine hata hakujua ni ya maana.

Swali langu likawa hili: nguo ya mwisho uliyomkabidhi mteja ikiwa imechelewa ilikuwa ipi, na ilikuwaje?

Mama mmoja, wa makamo, alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Hiyo ilikuwa Ijumaa. Gauni la kitenge, la kwenda ruracio." Nikamuuliza lilikwama wapi, nikitarajia atasema umeme au kazi nyingi. Akasema gauni lilikuwa limekwisha tangu Alhamisi, limebaki zipu. Zipu ya kujificha, ya rangi ya chungwa iliyoiva. Duka la jirani lina nyeusi, nyeupe na ya samawati iliyokolea, basi.

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikafunga saa nane nikaenda River Road. Kwenda sabini, kurudi mia kwa sababu ilikuwa jioni na mvua. Nimefika hapa saa kumi na mbili."

"Na zipu ilikuwa pesa ngapi?"

"Arobaini."

Hapo alinyamaza, nami nikanyamaza. Ukiwahi kuhoji watu utajua jinsi ukimya huo unavyowasha ulimi useme kitu, na ni vigumu kuuvumilia. Nilivumilia. Akaendelea mwenyewe kwamba alipokuwa mjini walikuja wateja wawili, mmoja akaacha ujumbe kwa jirani, mwingine akaenda kwa fundi wa pili yake. Ndipo nikauliza swali ambalo sasa siliachi kamwe: "Umefanya nini ili yasitokee tena?"

Akavuta droo, akatoa kopo la mafuta ya kujipaka lililoisha zamani. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya vitambaa, kila kimoja kikubwa kama stempu mbili, kimechomwa pini iliyoshika karatasi yenye jina la mteja na urefu wa zipu kwa inchi. "Tunatumana," akasema. "Mmoja wetu akienda mjini tunampa vipande na pesa. Hivi bado vinangoja mtu wa kwenda."

Kopo lile lina thamani kuliko kurasa zote za malalamiko nilizokuwa nimeandika. Hitaji ambalo halijatoshelezwa halijifichi kimya, huacha alama: mtu ametengeneza kiraka chake mwenyewe na anakigharamia. Historia ya M-Pesa inafundisha jambo hilo hilo. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga watu kurejesha mikopo midogo, lakini walipopewa mfumo walianza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007 ilisimama juu ya jambo hilo. Kabla yake watu walikuwa tayari wanatuma bahasha kwa makondakta wa mabasi. Kiraka kilikuwepo.

Kwa hiyo nilipokuwa nikiandika baada ya kila mahojiano (mara tu nikitoka, nimesimama pembeni, kabla sijasahau maneno yenyewe), niliandika mambo mawili tu. Upande mmoja, kilichotokea, na siku yake. Upande wa pili, alichokifanya na kilichomgharimu, kwa shilingi au kwa saa. Malalamiko yasiyo na tarehe wala gharama niliyaacha. Mmoja alinieleza kwa uchungu jinsi wateja wanavyotelekeza nguo. Nilipoomba nguo ya mwisho iliyotelekezwa, alifikiri sana, akasema labda ile ya mwaka juzi. Lilikuwa jambo la kuudhi, lakini halikuwa linamtoa jasho.

Watu huuliza wahoji wangapi. Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa Greg Guest na wenzake, waliopitia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria ili kuona ni wakati gani mambo mapya yanaacha kujitokeza. Mengi yalikuwa yamekwisha jitokeza kufikia mahojiano ya 12, na yale ya msingi yalionekana hata kufikia ya sita. Ila waliohojiwa walikuwa wanafanana na waliulizwa maswali yale yale. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanahoji dereva wa boda leo, mwalimu kesho, muuza samaki keshokutwa, kisha wanasema hawaoni chochote kinachojirudia. Kinachojirudia kitatoka wapi? Chagua kazi moja, mtaa mmoja, swali moja, ndipo kumi na wawili watakutosha.

Kati ya mafundi wangu kumi na wawili, saba walinipa kisa cha kufunga kibanda kufuata zipu, bitana au uzi wa rangi fulani. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ikanipotosha. Niliwauliza wale saba: kungekuwa na mtu wa kukuletea asubuhi, ungenunua? Wote saba wakasema ndiyo. Hilo ni swali la maoni lililovaa nguo nyingine, na nilikuwa nimeliuliza kwa sababu sasa nami nilikuwa na wazo la kutetea.

Nikarudi wiki iliyofuata na ombi badala ya swali: nipe kipande cha kitambaa na shilingi mia sasa hivi, kesho saa tatu asubuhi zipu iko mezani. Watatu walitoa pesa. Wanne hawakutoa, na ni hao wanne walionifunza zaidi. Wawili wao kazi yao kubwa ni sare za shule, rangi zinajulikana, wananunua zipu kwa dazani, na kisa walichonisimulia kilikuwa cha kweli lakini cha nadra. Wa tatu huwa anamwambia mteja aje na zipu yake. Wa nne ana mtoto anayefanya kazi mjini na hupitia madukani akirudi jioni. Tatizo lilikuwepo, dawa ilikuwepo pia, tena ya bure. Waliotoa pesa wote watatu wanashona kitenge cha sherehe, nguo yenye tarehe isiyosogea, ya mteja asiyeweza kuambiwa arudi Jumatatu. Hitaji lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani, na lilikuwa la hao tu.

Niseme pia mahojiano haya yasipofika. Hayakuambii wako mafundi wangapi kama hao Nairobi nzima, wala watalipa bei gani mwaka mzima. Na mtu hasimulii alichokizoea. Hakuna aliyenitajia mwanga, ilhali karibu kila kibanda cherehani imesogezwa hadi mlangoni, kiti nusu kiko nje, kwa sababu ndani ni giza. Hilo nililiona kwa kuwa nilikaa pale nikingoja suruali, na nisingelisikia hata ningehoji mia.

Mwanga huohuo ulinirudia nilipopeleka zile oda tatu za kwanza. Zipu mbili zilikuwa sawa. Ya tatu, ya rangi ya chungwa, mama wa kopo aliichukua, akasogea nayo mlangoni, akailaza juu ya kipande chake na kuikagua kwenye jua. Dukani chini ya taa nilikuwa nimeapa zinafanana. Pale nje moja ilikuwa chungwa, nyingine inakaribia kahawia. Akanirudishia.

"Mwanangu, ukiwa kule uwe unatoka nje na kitambaa," akasema. "Sisi wote tulirudi na makosa hayo mara ya kwanza."

Katika mahojiano yote kumi na mawili hakuna aliyekuwa amenigusia suala la rangi kukosewa. Wiki hii narudi kwa wale watatu na swali moja tu: zipu ya mwisho uliyoinunua ikakataa rangi, uliifanya nini?