Wasifu wa mzungumzaji si wasifu wa marehemu

Hapa Mbeya nimeandaa vijitabu vya ratiba za mikutano ya kilimo mara kadhaa, na kinachonichelewesha kila mara ni maelezo mafupi ya wazungumzaji. Ninaomba maneno 80, naletewa kurasa nne. Nikisema zifupishwe, narudishiwa kitu kinachoanza na "Alizaliwa mwaka…"

Nadhani neno lenyewe linatuponza. Sivii ya kuombea kazi tunaiita wasifu, maelezo ya mzungumzaji nayo tunayaita wasifu, na karatasi inayosomwa msibani kabla ya mazishi ni wasifu wa marehemu. Hiyo ya msibani ndiyo tuliyoisikia mara nyingi zaidi: alizaliwa, alisoma shule ya msingi, aliajiriwa, alihamishwa. Kwa hiyo mtu akiambiwa ajiandike kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine, kalamu inakwenda kwenye njia hiyo yenyewe.

Mwenzangu mmoja, mtafiti wa viazi mviringo, alialikwa kuzungumza na wakulima kuhusu mnyauko bakteria. Rasimu yake ya kwanza ilianza na kuzaliwa Makete, ikapita shule tatu, chuo, semina sita alizohudhuria, na mwisho kabisa ikataja mbegu za viazi. Mhariri anayebanwa na nafasi hukata kutoka chini. Angekata sentensi mbili tu, mkulima asingejua kwa nini dada huyu amesimama mbele yake.

Tulikaa na sivii yake, lakini hatukuanza kuifupisha. Tuliandika kwanza mada yake juu ya karatasi tupu, kisha tukapita ukurasa kwa ukurasa tukiuliza: hiki kinamsaidia msikilizaji wa mada hii kumwamini? Semina zote sita zilianguka. Wadhamini, tarehe ya kuzaliwa na hali ya ndoa havikujadiliwa. Shule za msingi na sekondari zilipotoka akasita: "Kaka, ukikata zote watajuaje nimesoma?" Nikamwambia shahada moja ya juu, inayohusu mazao, inabeba zote zilizotangulia.

Makete tuliiacha. Mwongozo wa kawaida ungesema mahali pa kuzaliwa paondoke, na mara nyingi nakubali, ila mkulima wa viazi husikiliza tofauti akijua mzungumzaji amekulia kwenye baridi ileile na udongo uleule. Hapo ni sehemu ya sifa yake ya kazi.

Tukafika hapa:

"Bi. Fulani ni mtafiti wa mbegu za viazi mviringo na mwenyeji wa Makete. Kwa miaka 9 amefanya kazi na vikundi vya wakulima wa Makete na Njombe, akiwafundisha kuchagua na kuhifadhi mbegu isiyo na mnyauko. Sasa anasimamia shamba la mbegu la taasisi yake mkoani Mbeya. Ana shahada ya uzamili ya sayansi ya mazao kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo."

Hayafiki maneno 60. Tazama vitenzi: ni, amefanya, anasimamia, ana. Hakuna "ali-" hata moja, na hilo ndilo linalomweka mtu kazini badala ya kumweka kwenye kumbukumbu. "Ali-" inafaa kwa jambo lililokwisha kweli, kama cheo alichokwisha kukiacha. Mimi hujaribu hivi: naweka neno "Marehemu" mbele ya jina na kusoma kwa sauti. Sentensi ikikaa vizuri, naiandika upya.

Rasimu yake ilikuwa pia na "mchapakazi" na "mbobezi". Kwenye barua ya kuomba kazi mtu anaweza kujieleza hivyo. Lakini hapa mshereheshaji ndiye anayesoma, ukumbi mzima unajua aliyeandika ni nani, na sifa hizo zinamfanya mwenyewe ainamishe kichwa. Miaka 9 na wakulima inatosha kusema yote mawili. Vifupisho vya shahada navyo tuliviandika kwa kirefu, maana mshereheshaji hukwama hapohapo.

Baadaye ofisi yake iliomba maelezo hayohayo kwa ajili ya tovuti, na akataka kuyatuma yalivyo. Kijitabu cha mkutano hutumika siku moja au mbili. Tovuti hukaa miaka bila mtu kuigusa. "Kwa miaka 9" ingeanza kudanganya mwaka unaofuata, kwa hiyo tukaweka "tangu mwaka 2016". Neno "sasa" tukaliondoa. Makete nayo ikatoka safari hii, kwa kuwa wanaosoma tovuti ile wengi ni wafadhili na wanunuzi wa mbegu, na nafasi yake ikachukuliwa na majina ya aina za mbegu anazozalisha.