Matendo 8:37 haupo kwenye simu yangu: apu, Google na kazi ya kuhakiki

"Tulikuwa tunasoma Matendo 8 kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Uyole. Mwenzangu akasoma mstari wa 37, mimi kwenye simu nikitoka 36 naingia 38. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta wanasema mistari inafutwa ili kuficha uungu wa Yesu. Nani ameufuta?"

Kabla ya kumtafuta mtu, tazama herufi za toleo zilizo juu ya skrini. Mwenzako huenda alikuwa na SUV, yaani Union Version, ambayo ndiyo imezoeleka katika makanisa mengi ya Mbeya na Iringa, au alikuwa na KJV ya Kiingereza. Wewe huenda ulikuwa na NIV, kwa sababu vijana wa vyuo huhama kati ya Kiswahili na Kiingereza bila hata kukumbuka kwamba wamehama. NIV imeuondoa mstari huo kwenye safu ya kawaida ikauweka kwenye maelezo ya chini. Kwenye kitabu ungeyaona maelezo hayo mwisho wa ukurasa. Kwenye simu mara nyingi yamejificha nyuma ya alama ndogo pembeni ya mstari wa 36, na hayafunguki mpaka uiguse.

Hapa wazee wanaosema simu zibaki nje ya ibada wana hoja. Apu imechukua taarifa muhimu kuliko zote kuhusu mstari huo ikaifanya iwe hiari. Lakini na wao wafungue Union Version yao ya karatasi: Matendo 8:37 umefungwa ndani ya mabano ya mraba, kuanzia "Filipo akasema" hadi mwisho, pale towashi wa Kushi anapoungama kwamba Yesu Kristo ndiye Mwana wa Mungu. Wafasiri waliweka mabano hayo kuonyesha kwamba maneno hayo hayapo katika nakala nyingi za kale. Wasomaji wengi huyapita bila kuuliza. Kwa hiyo karatasi nayo ilisema, ila hatukuisikiliza. Kuna tovuti zilizonakili maandiko kiholela, na katika kunakili huko alama kama hizo zinaweza kupotea. Ukikuta mstari huo bila mabano mahali palipoandikwa ni SUV, ulinganishe na nakala iliyochapishwa na Chama cha Biblia.

Sasa swali lenyewe. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na kwa karne nyingi lilinakiliwa kwa mkono. Nakala mbili kubwa za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, hazina maneno ya mstari wa 37. Nakala maarufu ya Kigiriki iliyo nayo ni ya karne ya 6. Erasmo alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, aliyaingiza maneno hayo akitegemea nakala iliyokuwa nayo pembeni mwa ukurasa. Mwaka 1551 mchapaji Robert Estienne akatoa chapa yenye namba za mistari tunazotumia mpaka leo, na alizihesabu kwenye maandishi yaliyokwisha kuwa na maneno hayo. Ndiyo maana namba inaruka. Wafasiri wa baadaye waliporudi kwenye nakala za zamani zaidi, maneno yalitoka, ila namba ya 38 haikuweza kushuka kuwa 37 bila kuvuruga rejea za Wakristo wote.

Upande wa pili nao una uzito, na kurasa zinazosema "ni nyongeza tu" kwa kawaida hauutaji. Ireneo, askofu wa karne ya 2, ananukuu ungamo la yule towashi. Yaani maneno hayo yalijulikana kanisani kabla ya Sinaiticus kuandikwa. Kwa hiyo huwezi kusema yalibuniwa juzi. Kinachonifanya nielemee upande wa kwanza ni swali rahisi: lipi ni rahisi kutokea? Katika mstari wa 36 towashi anauliza kinachomzuia asibatizwe, na bila mstari wa 37 swali linabaki bila jibu. Mnakili aliyezoea kusikia ungamo la imani kabla ya ubatizo angeweza kulijaza pengo hilo kwa nia njema kabisa. Mnakili Mkristo kuliondoa ungamo zuri namna ile ni jambo gumu zaidi kulieleza.

Na dai la kuficha uungu wa Yesu unaweza kulipima kwenye NIV hiyohiyo iliyoruka. Fungua 1 Yohana 4:15, kisha Warumi 10:9. Ungamo kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na kwamba ni Bwana, liko palepale. Mtu anayetaka kulificha angeanzia huko.

Naona shida kubwa zaidi iko kwenye Google kuliko kwenye apu. Ulipotafuta ulipata kurasa nyingi zenye dai moja, na wingi ule ndio uliokushtua. Chukua sentensi moja ya pekee kutoka ukurasa mmojawapo, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute tena. Ikirudi neno kwa neno kwenye kurasa nyingine, pamoja na makosa yake ya tahajia, basi huna mashahidi wengi bali shahidi mmoja aliyenakiliwa. Kisha uliza kama ukurasa unataja nakala yoyote ya kale kwa jina, mahali ambapo wewe mwenyewe unaweza kwenda kuangalia. Sinaiticus iko wazi kwa kila mtu kwenye codexsinaiticus.org, ambapo unachagua kitabu na sura ukaona picha ya ukurasa pamoja na maandishi yake. Hata asiyejua Kigiriki anaweza kumwomba mchungaji aliyekisoma chuoni waitazame pamoja.

Kanuni hiyo ya mashahidi inafika hadi kwenye lugha zetu. Mtu wa Rungwe mwenye Agano Jipya la Kinyakyusa kwenye simu atataka kulitumia kuamua. Asome kwanza utangulizi wake. Kama wafasiri walifuata Kigiriki, ana sauti nyingine. Kama walifuata tafsiri fulani ya Kiingereza au ya Kiswahili, anaisikia tafsiri ileile mara ya pili.

Wala namba kufanana si uthibitisho. 1 Yohana 5:7 ya SUV inamtaja Roho ashuhudiaye kwa sababu ndiye kweli. KJV kwenye namba hiyohiyo inataja Baba, Neno na Roho Mtakatifu mbinguni. Hakuna namba iliyoruka, kwa hiyo apu haikupi dokezo lolote, na wawili wanaweza kubishana jioni nzima wakidhani wanasoma kitu kimoja.

Hata hivyo simtetei anayesema simu ziachwe nyumbani. Kulinganisha matoleo manne kwa karatasi kunataka vitabu vinne mezani, na ni vikundi vichache vya Uyole au Mafinga vyenye vitabu hivyo. Kwa apu ni dakika chache, na matoleo yanayoruhusu kupakuliwa hayali bando tena baada ya hapo. Mkikutana tena, kila mmoja ataje toleo lake kabla ya kusoma, mguse alama ya maelezo ya mstari wa 36, na mmoja aje na Union Version ya karatasi ili wote wayaone yale mabano.